Watu 21 walewale, ratiba tofauti: nyongeza ya ugonjwa, likizo na mafunzo iwekwe wapi?

Saa kumi na moja alfajiri simu ya msimamizi wa zamu inaita. "Mkuu, samahani sana, homa imenishika tangu usiku. Leo sitaweza." Zamu inaanza saa kumi na mbili. Chumba kina viti vinne na hakuna hata kimoja kinachoruhusiwa kubaki kitupu, lakini watakaofika ni watatu. Juu ya meza kuna hesabu ya mwaka inayosema kikosi cha watu 21 kinatosha na kubaki. Hesabu hiyo ni sahihi, na kiti ni kitupu kweli.

Wengi tukifika hapo tunaomba mtu wa 22. Mimi mwenyewe niliwahi kuomba, nikapewa, na simu za alfajiri ziliendelea kuita. Ilinichukua muda kuelewa kwamba maswali ni mawili. La kwanza ni idadi: tuajiri wangapi ili likizo, mafunzo na ugonjwa visituangushe? La pili ni mahali: hao wa ziada tuwapange zamu gani? La kwanza lina fomula. La pili ndilo linalohitaji kuchagua, na ndilo nitakalokaa nalo zaidi.

Idadi kwanza, kwa haraka

Chukua chumba hicho cha viti vinne, saa 24, siku saba. Kwa wiki ni saa 672, na kwa wiki 52 ni saa 34,944. Kila mfanyakazi analipwa saa 40 kwa wiki. Kama watu wasingeugua wala kwenda likizo, 16.8 wangetosha.

Lakini katika wiki 52 anazolipwa mtu, tuseme 6 ni likizo pamoja na sikukuu, wiki moja na nusu ni mafunzo, na mbili na nusu ni ugonjwa. Jumla ni wiki 10, yaani asilimia 19.2 ya muda unaolipiwa. Zinabaki wiki 42, sawa na saa 1,680 za kukaa kwenye kiti kwa mwaka.

Hapa ndipo kosa linalojirudia kuliko yote. Mtu anachukua 16.8, anaongeza asilimia 19.2 juu yake, anapata 20. Jibu sahihi linatokana na kugawa:

```
16.8 × (1 + 0.192) = 20.0   kosa
16.8 ÷ (1 − 0.192) = 20.8   sahihi
```

Sababu ni nyepesi: hao unaowaongeza nao wataugua, watakwenda likizo na kukaa darasani. Asilimia ilipimwa kwa saa zinazolipwa, basi lazima itolewe kwenye saa zinazolipwa. Ukibaki na 20 wa kosa lile, unakosa saa 1,344 kwa mwaka, ambazo ni zamu 112 za saa 12. Ukiajiri 21, hesabu ya mwaka inakuonyesha ziada ya zamu 28. Karatasi inapendeza, bosi anatia saini.

Kwa nini karatasi inapendeza na kiti ni kitupu

Likizo na mafunzo vinajulikana mapema. Unaviandika kwenye ratiba wiki kadhaa kabla na kupanga mtu mwingine. Ugonjwa haupangiki. Kwa hiyo ukishaondoa likizo na mafunzo, ugonjwa unaobaki unatakiwa upimwe upya, kwa siku ambazo mtu alikuwa amepangwa kazini tu: wiki mbili na nusu katika wiki 44 na nusu. Hiyo ni asilimia 5.6. (Ukitumia 4.8, yaani ugonjwa dhidi ya wiki zote 52, umehesabu na siku ambazo mtu alikuwa likizo na hakuna aliyemsubiri.)

Ukipanga watu wanne kwa viti vinne, nafasi ya wote wanne kufika ni 0.944 × 0.944 × 0.944 × 0.944, ambayo inakuja 0.79. Kwa maneno mengine, zamu moja katika kila tano itaanza na kiti kitupu, hata kama kila kitu kingine kimekwenda sawa. Kwa mwaka kuna zamu 730, ukihesabu mchana na usiku. Zamu moja katika tano si bahati mbaya wala uvivu wa vijana wa siku hizi. Ni hesabu tu.

Dawa inayokuja haraka akilini ni kupanga watu watano kwa viti vinne. Inafanya kazi: upungufu unashuka hadi karibu zamu 3 katika 100. Ila kuwa na mtu wa tano kila zamu, mwaka mzima, kunataka watu karibu 25, na zamu tatu katika kila nne huyo wa tano atakuwa hana kiti. Umenunua robo nzima ya kikosi ili kuziba asilimia 5.6.

Kwa kuwa hakuna atakayekupa 25, tubaki na 20 au 21 na tuangalie njia tatu za kuwatumia.

Njia ya kwanza: watu 20, pengo linazibwa kwa ovataimu

Ukiwa na 20, likizo na mafunzo vinaenea vizuri na, kabla ugonjwa haujahesabiwa, kunabaki zamu kama 55 za ziada kwa mwaka, ambazo kwa kawaida zinaangukia popote ratiba inapopenda. Ugonjwa unapopiga, msimamizi anashika simu na kuanza kutafuta mtu aliye ofu, au anamwomba wa usiku aunganishe.

Uzuri wake ni kwamba unalipia pengo lililotokea kweli tu. Ubaya hauonekani kwenye bajeti. Zamu za kununua zinakuja kama 153 kwa mwaka. Ukizigawa kwa watu 20 ni chini ya nane kila mmoja, jambo linalovumilika. Lakini hazigawanyiki hivyo. Fungua rejista yoyote ya ovataimu utakuta majina matano yamejirudia: wale wanaokaa karibu, wale wenye ada za kulipa, na yule mmoja asiyejua kukataa. Hao watano wakibeba zote, ni zamu 30 kila mmoja juu ya mzigo wa kawaida. Halafu unaona ugonjwa umeanza kupanda, na walio juu ya orodha ya wagonjwa ni walewale walio juu ya orodha ya ovataimu.

Jambo la pili ni kukataliwa. Njia hii ina maana pale tu ambapo simu zinapokewa. Kabla ya kuichagua, kaa wiki nne uandike: simu ngapi zilipigwa kabla ya mtu kukubali? Mbili au tatu, sawa. Zikifika saba, na msimamizi ametumia saa nzima ya zamu yake akibembeleza watu, njia hii imeshakufa ila bado haijazikwa.

Njia ya pili: watu 21, wa ziada wamewekwa ndani ya ratiba

Hii ndiyo inayochaguliwa na wengi kwa sababu inaonekana ya kistaarabu. Unaajiri idadi kamili, unapanga kila mtu saa zake 40, na zamu 203 kati ya 730 zinapata mtu wa tano. Zile 527 zilizobaki zina wanne.

Sasa tazama kinachotokea. Zamu zenye watu watano zinakuwa salama karibu zote. Zamu zenye wanne zinaendelea kupungukiwa mara moja katika tano, kama zamani. Ukijumlisha, zamu kama 114 kwa mwaka bado zinaanza na kiti kitupu. Wakati huohuo, kwenye zile 203 zenye mtu wa tano, kama 152 hakuna aliyeugua, na mtu wa tano amekaa anapanga mafaili.

Ugonjwa na mtu wa ziada wanapishana mlangoni. Jumanne mchana mko watano, Jumamosi usiku mko watatu. Mfanyakazi wa 21 amepunguza upungufu kutoka zamu 140 hadi 114 tu, na mshahara wake wa mwaka mzima umelipwa.

Unaweza kupunguza hasara hii kwa kuweka watu wa tano kwenye zamu zinazougua zaidi. Kama kumbukumbu zako za miezi 12 zinaonyesha usiku wa mwisho wa wiki una ugonjwa mara mbili ya kawaida, wapange huko, si Jumanne kwa sababu tu Jumanne ni rahisi kupanga. Inasaidia, lakini bado umeamua mwezi mmoja mapema mahali pa kusubiri kitu kisichotoa taarifa.

Njia ya tatu: watu 21, ziada inawekwa kama zamu za akiba

Watu ni walewale 21 na mishahara ni ileile. Tofauti ni kwamba zile zamu 203 za mtu wa tano haziandikwi kwenye ratiba. Zinabaki kama deni. Kila mtu analipwa saa 40 kwa wiki, lakini anapangiwa wastani wa saa 37.4, na zinazobaki anadaiwa: zamu kama 10 kwa mwaka kila mmoja.

Kisha kila zamu, mchana na usiku, inakuwa na jina moja la akiba. Huyo yuko nyumbani, simu iko hewani. Zamu 730 kwa watu 21 ni kama mara 35 kwa mwaka kila mtu, takriban mara tatu kwa mwezi. Kati ya hizo, ataitwa mara moja katika tano, yaani kama mara saba kwa mwaka. Akiitwa, deni lake linapungua kwa zamu moja. Asipoitwa, deni linabaki palepale.

Kwa njia hii, ugonjwa wa mtu mmoja unazibwa popote utakapotokea. Kinachobaki ni zamu ambazo wawili wameugua kwa pamoja, na hizo ni kama 13 kwa mwaka. Kutoka 114 hadi 13, bila kuajiri mtu mpya.

Nilipoiona hesabu hii mara ya kwanza niliirudia mara mbili nikidhani nimekosea. Sikukosea. Akiba inayoweza kuhama ina nguvu kuliko akiba iliyofungwa mahali, basi.

Lakini ina masharti, na ukiyapuuza watu wataichukia ndani ya mwezi mmoja. Kwanza, dirisha la kuitwa liwe fupi na lijulikane: kwa mfano kuanzia saa mbili kabla ya zamu hadi saa moja baada ya kuanza. Dirisha likipita, mtu yuko huru kabisa, hata kama kiti kimekuwa kitupu baadaye. Mtu anayesubiri simu siku nzima hayuko ofu, na yeye anajua hivyo kuliko wewe. Pili, asiwekwe akiba aliyetoka zamu ya usiku asubuhi hiyo, wala anayeingia zamu inayofuata. Kwenye kikosi kidogo sharti hili linabana kweli. Kuna wiki utapanga majina ya akiba kwa shida kuliko zamu zenyewe. Tatu, daftari la madeni liwe wazi kwa wote. Mtu akishaona kwamba ameitwa mara tisa na mwenzake mara mbili, na hakuna aliyemweleza kwa nini, mpango umekwisha. Anayedaiwa zaidi ndiye apangwe akiba kwanza.

Nne, sheria na mikataba. Kuna mahali ambapo kukaa akiba kunahesabiwa kama saa za kazi, au kunalipiwa posho. Soma mkataba kabla ya kupiga hesabu, kwa sababu posho hiyo ndiyo inayobadilisha jibu.

Ukiziweka pamoja

Tuseme ovataimu inalipwa mara moja na nusu. Saa za mshahara hapa ni zile zinazoongezeka juu ya kikosi cha watu 20 wanaolipwa kawaida, na mfanyakazi wa 21 ni saa 2,080 kwa mwaka.

| Njia | Zamu zinazoanza na pengo | Zamu za kununua kwa ovataimu | Saa za mshahara zinazoongezeka |
|---|---|---|---|
| 20 na ovataimu | 140 | 153 | 2,754 |
| 21, wa tano ndani ya ratiba | 114 | 124 | 4,312 |
| 21, zamu za akiba | 13 | 13 | 2,314 bila posho |

Njia ya pili inashindwa na akiba kila upande. Ni ghali kuliko ovataimu tupu, kwa sababu unamlipa mtu wa 21 na bado unanunua zamu 124. Kama ndiyo unayoitumia sasa kwenye kikosi cha ukubwa huu, unaweza kuiacha bila kusikitika.

Kati ya ovataimu na akiba, tofauti ni saa 440 za mshahara. Zigawe kwa majina 730 ya akiba unapata kama dakika 36. Maana yake, posho ya kukaa akiba ikiwa chini ya mshahara wa dakika 36 kila mara, akiba ni nafuu. Ikizidi, ovataimu ni nafuu kwa fedha, na utaamua kama utulivu wa alfajiri una thamani ya tofauti hiyo. Kumbuka pia kwamba mtu wa 21 ana gharama nyingine juu ya mshahara, kama bima na pensheni, ambazo jedwali halikuzihesabu.

Mimi ningefanya hivi. Kama watu wanapokea simu za ovataimu bila kununa, ningebaki na 20, nikatoa zile zamu 55 za ziada kwenye ratiba na kuzifanya akiba ya usiku wa mwisho wa wiki pekee, mahali ambapo kumpata mtu ni kazi ngumu. Zamu nyingine ningezinunua. Kama simu hazipokelewi, ningekwenda 21 na akiba kamili, na ningelipa posho hata ikizidi dakika 36.

Kikosi kikubwa ni habari nyingine

Yote haya ni ya viti vinne. Ukiwa na viti 40 kwa zamu, mambo yanageuka, na njia ya pili inakuwa nzuri. Kwa ugonjwa uleule wa asilimia 5.6, kupanga watu 45 kwa viti 40 kunakupa zamu kamili karibu mara 96 katika 100. Hiyo ni nyongeza ya mtu mmoja kwa kila wanane, wakati viti vinne vilidai mmoja kwa kila wanne ili kufika karibu na hapo. Watu wengi hawaugui wote siku moja, kwa hiyo karibu kila mara angalau mmoja wa wale wa ziada anapata kiti cha kukalia. Usihangaike na majina ya akiba hapo.

Ndiyo maana kunakili asilimia ya idara kubwa na kuibandika kwenye kikosi kidogo kunaumiza. Asilimia inaweza kuwa ileile kabisa na bado isitoshe. Kama una vyumba vitatu vya viti vinne na watu wanaoweza kuhama kati yake, kuwafundisha kazi za vyumba vyote vitatu kunaweza kukupa zaidi ya ajira mpya.

Mahesabu yote hapo juu yanachukulia kwamba mmoja kuugua hakumfanyi mwenzake naye augue. Mafua yakiingia chumbani hilo linavunjika, na wiki hiyo hakuna njia kati ya hizi tatu itakayokuokoa. Vivyo hivyo mtu anayeondoka miezi sita kwa uzazi au ugonjwa mrefu. Usimtie ndani ya asilimia ya kawaida. Kwenye kikosi cha 20 peke yake ni asilimia 2.5. Mtafutie mbadala wa muda, na asilimia yako ibaki ya ugonjwa wa kila siku.

Likizo inavyoweza kuharibu yote

Nyongeza ya likizo inafanya kazi tu kama likizo imesambaa. Watu 20 wenye wiki 6 kila mmoja ni wiki 120 za likizo, yaani 2.3 kwa kila wiki ya mwaka. Wasimamizi wengi huweka dari: wasizidi wawili kwa wakati mmoja. Dari hiyo inaruhusu wiki 104 tu. Wiki 16 hazina mahali pa kwenda, na mwezi wa mwisho wa mwaka zinakuangukia zote. Dari lazima iwe watatu.

Kinachosahaulika ni sakafu. Wiki ambayo hakuna aliyekwenda likizo inapendeza, ratiba imejaa, watu wako wengi. Hiyo ni wiki mbili na ushee za likizo ulizozisogeza mbele. Weka na kiwango cha chini: kila wiki angalau wawili wawe likizo, na kama mwezi wa pili hakuna aliyeomba, waulize mapema nani atakwenda. Ukikuta kikosi chako kimejaa miezi ya mwanzo na kinapumua kwa shida mwishoni, usiguse asilimia ya ugonjwa. Angalia daftari la likizo.

Na kama hujui uanzie wapi, chukua ratiba za miezi 12 iliyopita na uhesabu vitu viwili: zamu zilizoanza na mtu pungufu, na zamu zilizoanza na mtu wa ziada. Namba ya kwanza ikiwa kubwa na ya pili ndogo, watu hawatoshi kweli, peleka ombi lako. Zikiwa kubwa zote mbili, watu unao.